Picha 50 za mahafali, setingi za kukopi, na maski inayojichora yenyewe

Kama unafanya kazi studio ndogo ya mtaani hii sentensi umeshaisikia: "Hizo ni hamsini tu dogo, si unakopi setingi unapesti?" Mi niliambiwa na bosi wangu siku tuliyopiga wahitimu wa chuo kimoja hapa Morogoro. Kila mhitimu picha moja ya kifua, joho jeusi na kofia, bakgraundi ya bluu, za kuprinti 8 kwa 10, na wenyewe wanazifuata keshokutwa asubuhi. Mimi wa kuediti nalipwa 1,500 kwa picha, yani 75,000 kazi nzima. Sasa piga hesabu, ukikaa dakika kumi kwenye kila picha hizo ni dakika 500, masaa nane na dakika ishirini hujanyanyuka hata kunywa maji. Ukiweza kushuka mpaka dakika tatu unamaliza kwa masaa mawili na nusu. Hela ni ile ile. Kwa hiyo faida yako yote iko kwenye hizo dakika saba, na hapa naeleza zinapatikanaje na zinapotelea wapi, maana kukopi setingi ni kazi ya sekunde mbili, kila mtu anaweza, ila ukikopi vibaya unarudi kurekebisha picha moja moja na unatumia muda mwingi kuliko yule aliyeanza na mkono tangu mwanzo.

Natumia Lightroom Classic kwa karibu kila kitu, Photoshop kwa picha chache za mwisho. Kompyuta ya studio ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya grafiki ya maana, hii nitairudia maana inabadilisha mpangilio wa kazi.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujagusa slaida hata moja: gawa picha kwa mwanga. Sio kwa majina wala kwa namba za faili, kwa mwanga. Siku ile tulianza na flashi mbili ndani kwenye softiboksi, katikati umeme ukakatika, betri za flashi hazikuwa na chaji ya kutosha, bosi akasogeza kiti karibu na mlango mkubwa akaendelea na mwanga wa nje na rifrekta. Umeme ukarudi, tukarudi kwenye flashi, ila kuna picha kadhaa flashi moja haikuwaka. Matokeo yake: picha 27 za flashi zilizonyooka, 17 za mlangoni, na 6 za flashi moja. Hizo ni kazi tatu tofauti ndani ya foda moja. Ukichukua setingi za picha ya flashi ukazimwaga kwenye picha ya mlangoni unapata watu wa rangi ya chungwa au wa bluu, na baya zaidi ni kwamba zikiwa ndogo kwenye gridi zinaweza kukudanganya ukaona zinafanana.

Nilipita zote kwenye gridi nikiweka rangi, 6 nyekundu, 7 njano, 8 kijani, hizo ni namba za juu ya kibodi tu. Ukiwasha Caps Lock, ukibonyeza rangi inaruka yenyewe kwenda picha inayofuata, kwa hiyo hamsini zinaisha ndani ya dakika mbili tatu. Halafu nikachuja kwa rangi, kila kundi nikalifanyia kazi kama oda yake.

Kwenye kila kundi unachagua picha moja ya msingi. Usichague iliyo nzuri kuliko zote, chagua ya katikati: mtu ambaye ngozi yake sio nyeusi sana wala nyeupe sana, kakaa kawaida, hana miwani. Unaiweka sawa white balance na Exposure, na hapo tu, usikimbilie ngozi kwanza.

White balance hatukuwa na kadi ya kijivu (nunueni jamani, ni kikaratasi tu), kwa hiyo nikabonyeza W nikagusa kola ya shati jeupe la mhitimu. Picha ikawa ya njano kama imepigwa chini ya taa ya zamani. Nikagusa kola ya mwingine, ikakaa vizuri. Nikaenda wa tatu, njano tena. Ilinichukua muda kuelewa: mashati mengi meupe yanafuliwa na bluu! Lile shati kwa macho ni jeupe pee, ila kwa programu lina bluu ndani, na ukiiambia "hii ndo nyeupe" inasukuma picha nzima upande wa njano ili kuifuta hiyo bluu. Nikaacha mashati nikatumia karatasi ya cheti aliyoishika mhitimu mmoja, sehemu isiyo na maandishi. Sio sahihi kama kadi ya kijivu maana na karatasi nyingine zina weupe wa kuongezewa, lakini ilikuwa karibu zaidi, nikamalizia kwa jicho kwenye ngozi.

Sasa kukopi kwenyewe. Ctrl+Shift+C inafungua lile dirisha la visanduku vya kutiki, Ctrl+Shift+V inapesti. Watu wanabonyeza kutiki zote kwa sababu ni haraka. Mi kwenye raundi ya kwanza natiki white balance, mambo ya mwanga, rangi, na marekebisho ya lenzi. Basi. Crop naiacha maana kila mtu ana urefu wake, ukipesti crop ya mtu mfupi kwa mtu mrefu unamkata kofia. Na ile inayoitwa Remove, kwenye matoleo ya nyuma inaitwa Healing, usiitiki kabisa, maana chunusi ya mtu wa kwanza iko shavuni ila kwa mtu wa pili sehemu hiyo hiyo ya fremu ni jicho, unajikuta una mhitimu ana kipande cha shavu juu ya kope. Isipokuwa kama ni doa la vumbi kwenye sensa ya kamera, hilo linakaa sehemu moja kwenye kila picha na hapo kukopi kunafaa.

Kuna kitufe chini kulia kinaitwa Sync, na kinaweza kugeuka kuwa Auto Sync. Kikiwa Auto Sync, chochote unachofanya kwenye picha moja kinafanyika kwenye zote ulizochagua papo hapo. Ni kitamu mno kwenye white balance, ila kikibaki kimewaka wakati unaanza kufuta chunusi ndo unaharibu kundi zima bila kujua maana macho yako yako kwenye picha moja kubwa. Jizoeze kukitazama kile kitufe kila ukibadilisha hatua. Ikitokea, Ctrl+Z inarudisha zote kwa pamoja, mradi umeiona mapema.

Zile 6 za flashi moja nilidhani nitaziokoa kwa Match Total Exposures, ile ya Ctrl+Alt+Shift+M. Haikufanya kitu. Na ukifikiri ni sawa tu, ile inasoma setingi za kamera, yani shata, apacha na ISO, halafu inasawazisha tofauti zake. Kamera yetu ilikuwa kwenye manyuo, setingi zile zile picha zote za flashi, kwa hiyo kwa hesabu zake picha zote zina mwanga sawa. Haijui kama flashi haikuwaka. Ni nzuri sana pale mpiga picha alipokuwa anabadilisha badilisha ISO, lakini kwa flashi iliyogoma unavuta Exposure kwa mkono. Kundi la picha 6 hiyo ni kazi ya dakika nne, sio tatizo.

Tuje kwenye maski, yani kuchagua sehemu moja ya picha uirekebishe peke yake, hapa ndo penye utamu na ndo penye mtego.

Ukifungua maski kwa Shift+W, programu inatafuta watu kwenye picha, unachagua mtu, inakupa orodha: Face Skin, Body Skin, Eyebrows, Eye Sclera, Iris and Pupil, Lips, Teeth, Hair, na kadhalika. Unatiki unazotaka, unachagua zitengenezwe maski tofauti tofauti. Kwenye picha yangu ya msingi niliweka tatu. Ya kwanza Face Skin, nikashusha Texture mpaka -20 na Highlights -30 kwa ajili ya kung'aa kwa paji la uso, maana joto la siku ile kila mtu alikuwa anatoka jasho. Ya pili Face Skin na Body Skin pamoja kwa ajili ya mwanga wa ngozi. Ya tatu Iris and Pupil, Exposure +0.20 tu. Meno sikuyagusa, nusu ya wahitimu walifunga mdomo, na meno meupe kupita kiasi ndo kitu cha kwanza mtu anacheka kwenye picha ya mwenzake.

Kwa nini ya pili ina uso na mwili pamoja? Kwa sababu Face Skin inaishia kwenye uso, shingo iko kwenye Body Skin. Ukiongeza mwanga kwenye uso peke yake unapata mtu mwenye uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, na juu ya joho jeusi inaonekana vibaya mara mbili. Kulainisha fanya usoni peke yake, mwanga fanya uso na shingo na mikono.

Ukishapesti maski hizi kwa wengine, hapa ndo elewa vizuri: haipesti umbo la uso wa yule wa kwanza. Inapesti agizo, "tafuta ngozi ya uso", halafu inalitafuta upya kwenye kila picha. Ndo maana mtu mwingine akikaa kushoto zaidi maski inamfuata. Na ndo maana kwenye kompyuta yetu inachukua muda, kila picha inakokotolewa upya, ukiona alama ya onyo unabonyeza Update AI Settings. Mi nilichagua kundi zima nikaliacha lijichakate, nikafunga Chrome na kila kitu kingine, nikaenda kula. Usifanye hii huku unaendelea kuediti picha nyingine kwenye mashine ya GB 8, inakwama yote mawili.

Shida yangu kubwa ilikuwa kofia. Kofia ya mahafali ina ule ubapa wa juu unaotoa kivuli kwenye paji la uso, na kwa picha za flashi ya juu kivuli kinashuka mpaka kwenye nyusi. Nikataka kukiinua. Nikachukua Face Skin nikaikata kwa Linear Gradient kutoka juu, ile Intersect, kwa hiyo ikabaki nusu ya juu ya uso tu, nikapandisha Shadows. Kwenye picha ya msingi ikatoka safi kabisa, kivuli kimelainika, macho yanaonekana. Nikapesti kwa 26 waliobaki.

Nusu ya picha zilikuwa sawa. Nusu nyingine, watu warefu walikuwa wameinuliwa mwanga kuanzia paji mpaka kidevu, na wafupi hawakuguswa kabisa. Sababu yake ni kwamba Face Skin inajitafuta upya, lakini gradienti ni mstari uliouchora wewe kwa mkono, unabaki pale pale kwenye fremu ulipouchora, haujui uso umehama. Kitu chochote cha mkono ndani ya maski, brashi, gradienti, mduara, kinapestiwa kama kilivyo mahali kilipo. Ukichanganya cha kujitafuta na cha mkono ndani ya maski moja basi ile ya mkono ndo inakuharibia. Hii sikuwahi kuisikia kwenye video yoyote ya "edit 100 photos in 10 minutes", pengine kwa sababu wao wanafundishia na picha za mtu mmoja aliyekaa sehemu moja.

Nikajaribu kubadilisha gradienti kwa Luminance Range, yani ngozi ya uso lakini sehemu za giza tu. Hii inajipima upya kwa kila picha kwa hiyo nilidhani nimeshinda. Kwa wenye ngozi ya maji ya kunde ilikaa vizuri sana, ilishika kivuli cha kofia peke yake. Kwa wenye ngozi nyeusi ikashika uso mzima, maana kwa kipimo kile uso wao wote uko upande wa giza, programu haiwezi kujua hiki ni kivuli na hii ni rangi ya mtu. Mwisho nilichofanya ni hivi: Luminance Range kwa wale iliowakubali, na waliobaki nikavuta gradienti kwa mkono kuishusha au kuipandisha kwenye paji la uso. Sio kuifuta na kuanza upya, ni kuibonyeza na kuisogeza, sekunde kumi kwa picha.

Na hili la ngozi nataka nikae nalo kidogo. Bosi alisema "wang'arishe ng'arishe wapendeze". Ukipandisha maski ya ngozi Exposure +0.50 kwa kila mtu sawa, yule wa maji ya kunde anaanza kupoteza umbo la pua na mashavu, na yule mweusi anageuka kuwa na ukijivu fulani, ngozi inakosa uhai kama imepakwa vumbi. Ile rangi nzuri ya ngozi nyeusi inakaa kwenye utofauti kati ya sehemu inayong'aa na sehemu ya giza, ukiinua vyote pamoja umeua. Slaida ya Orange kwenye Luminance ni hatari zaidi kwa sababu watu wanaipandisha kama ndo dawa ya ngozi, na inambadilisha mtu rangi moja kwa moja. Mi niliweka +0.15 kwenye picha ya msingi, halafu nikawa napita kila mtu nikitumia slaida ya Amount ya maski ile, kuna waliobaki kama ilivyo, kuna niliowashusha mpaka karibu na sifuri. Hiyo ni slaida moja kwa picha, haikuli muda. Nikamwambia bosi, "Kaka, hawa mama zao watakuja kuzichukua, wakiona mtoto wamebadilishiwa rangi watazirudisha hapa hapa." Akanyamaza, akasema haya endelea.

Bakgraundi nilitaka nayo iwe sawa kwa wote, maana kile kitambaa cha bluu kwenye picha za mlangoni kilikuwa kimefifia. Select Background, Exposure -1.00, ikatoka bluu nzito nzuri. Nikakuza picha kwa asilimia 100, nikakuta kila dada mwenye nywele za asili zilizochomoza chini ya kofia ana duara la mwanga kuzunguka nywele, ile sehemu ambayo maski imeshindwa kuamua huu ni unywele au ni kitambaa. Na joho jeusi juu ya bluu ya giza, kwenye bega upande usio na taa, maski ilikuwa imeng'ata kipande cha bega ikadhani ni bakgraundi. Bonyeza O utaona ile rangi ya maski juu ya picha, na kama ni nyekundu na inachanganya na ngozi, Shift+O inabadilisha rangi.

Unaweza kukaa urekebishe kila bega kwa brashi. Picha 50, mabega, nywele, hutoki leo. Nilichofanya ni kupunguza nguvu ya marekebisho yenyewe: badala ya -1.00 nikaweka -0.35 na Saturation juu kidogo. Maski ni ile ile, ina makosa yale yale, ila kwa -0.35 duara la nywele halionekani tena hata ukikuza. Tangu hapo nikiwa na haraka ndo kipimo changu: maski ya kujichora naipa marekebisho madogo, nikitaka makubwa basi najua naingia kwenye brashi na nahesabu muda wake. Mabega yaliyong'atwa yaliyobaki yakionekana yalikuwa manne, hayo nikayapaka kwa Subtract.

Kishada cha kofia nacho kilikuwa na visa. Kikiwa kimening'inia mbele ya shavu, Face Skin mara inakihesabu kama ngozi mara inakiruka. Ikikihesabu, Texture ya chini inakifanya kile kishada cha nyuzi kiwe laini kama kamba ya plastiki. Kwenye printi ya 8 kwa 10 kinaonekana. Subtract kwa brashi, mstari mmoja, sekunde tano. Kwa dada waliovaa hijabu ndani ya kofia angalia mpaka wa hijabu na shavu, hasa hijabu ya rangi ya kahawia inayokaribiana na ngozi, maski ilikuwa inapanda juu ya kitambaa. Waliovaa miwani, maski ya macho mara nyingi ilikamata na mwako wa kioo, ukaongezeka, kwa hao nikazima maski ya macho kabisa.

Kuna kitu kimoja nilikifanya mapema na kikaniokoa, kufuta chunusi kabla ya maski. Ukifuta baada ya maski, programu inaweza kukuletea tena lile onyo la kukokotoa upya, na kwa mashine yetu hiyo ni adhabu. Kwa hiyo baada ya kupesti rangi na mwanga, kabla ya maski, nilipita zote na Q, Heal, na mabano [ na ] kwa ukubwa wa brashi. Nilijiwekea dakika moja kwa uso. Chunusi, mkwaruzo wa wembe, uzi juu ya joho, ndo vinatoka. Alama ya kuzaliwa, kovu la zamani, chale, vinabaki, hivyo ni vya mtu. Mng'ao wa jasho ambao Highlights imeshindwa nao, natumia Heal hiyo hiyo na Opacity kama 50, unapungua bila kuondoka kabisa. Ila pale ambapo mng'ao umeshakuwa mweupe tupu hakuna data ndani yake, Highlights itaugeuza kijivu tu, na watu watatu wa hivyo niliwapeleka Photoshop pamoja na mmoja mwenye mwako kwenye miwani. Hao wanne walikula kama dakika 40 peke yao. Bosi angewapa tishu na poda kidogo kabla ya kukaa kwenye kiti hizo dakika zisingekuwepo.

Kukagua nilifanya mara mbili kwa njia mbili tofauti kwa sababu kila moja inaficha kitu. Kwanza nachagua kundi zima nabonyeza N, zinatokea zote ndogo pamoja. Hapo rangi inayokwenda kombo inajianika, niliona watano wa mlangoni wana ukijani shingoni. Ilikuwa ukuta wa kijani wa baraza unarudisha rangi. Nikasogeza Tint ya kundi lile kidogo upande wa zambarau, nikapesti white balance peke yake. Halafu napita moja moja kwa asilimia 100, mshale wa kulia, jicho linakwenda kwenye sehemu tatu tu, ukingo wa nywele, bega la giza, na kishada. Kwa picha ndogo huwezi kuona makosa ya maski, na kwa picha iliyokuzwa huwezi kuona kwamba mtu ni wa kijani kuliko mwenzake.

Kabla ya kutoa zote nikaprinti tatu za majaribio ndogo ndogo: mwenye ngozi nyeusi kuliko wote, mwenye ngozi nyeupe kuliko wote, na mmoja wa mlangoni. Yule mweusi akatoka giza, joho na bakgraundi vimeshikana. Skrini ya studio inawashwa mwanga wa mwisho kwa sababu dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo kila kitu unakiona kimeng'aa kuliko kilivyo. Nikashusha mwanga wa skrini, nikafunga pazia, nikaongeza Exposure +0.20 kundi kwa kundi kwa Auto Sync, zile 6 za flashi moja nikaongeza kwa mkono moja moja maana Auto Sync inaweka namba moja kwa zote, nikaprinti tena yule mmoja, sawa. Kama ningetoa zote hamsini kwanza, karatasi na wino vingemeza nusu ya 75,000 yangu, maana bosi angenikata.

Kutoa ni JPEG, sRGB, ubora 90, 300 kwa inchi, jina la faili namba ya mhitimu. Hakuna cha kuongea hapo.

Jumla ilinichukua kama masaa manne na nusu bila kuhesabu muda wa mashine kukokotoa maski, yani dakika tano na kidogo kwa picha, sio tatu. Nilipoangalia muda umekwenda wapi, yale 27 ya flashi yaliisha haraka sana, picha za mlangoni zilikula karibu mara mbili kwa kila picha, na wale wanne wa Photoshop ndo kama nilivyosema. Nikakaa na bosi nikamwonyesha. Sasa oda za kundi tumekubaliana hivi: zikipigwa zote kwa mwanga mmoja na kiti kikibaki mahali pamoja, 1,500 inabaki. Umeme ukikatika tukahamia mlangoni, picha za mlangoni ni 2,500, na kinachoingia Photoshop ni 5,000. Wiki iliyofuata alinunua kadi ya kijivu na boksi la tishu, betri za flashi bado tunangoja.